Lango la Sekunde Moja

Nikisikia mtu akisema kwamba mashine haidanganyi, hasira hunipanda mpaka leo. Mashine haidanganyi, sawa. Lakini mashine hujibu swali uliloiuliza, na ukiiuliza swali la kijinga itakupa jibu la kijinga kwa namba nyekundu zinazong'aa, nawe utaliamini kwa sababu linang'aa.

Nilikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha kuchambua pamba upande wa Makueni. Kila mtu alikiita jineri. Ilikuwa miaka ya themanini. Msimu ulipofika, malori na mikokoteni ya punda ilipanga foleni nje ya lango tangu alfajiri, mingine imetoka mbali kama Ikutha, na wenye pamba walilala juu ya magunia yao wakingoja zamu. Mimi nilikuwa nimetoka Matinyani, nikasomea umeme, nikapata kazi pale kwa sababu dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa karibu na Kambu, na mume wake alifanya kazi pale pale jineri. Ndiye aliyenionyesha mlango wa ofisi.

Huyo shemeji yangu alisimamia mkanda. Pamba yenye mbegu ilimwagwa chini, mkanda ukaipandisha juu kwenye mashine za kuchambua. Mkanda ukienda polepole, mashine hukaa na njaa. Ukienda mbio, pamba hujazana, mashine hukabwa, mikanda huteleza, na pamba ikishaanza kusuguana na chuma unaanza kunusa moshi. Kwa hiyo palikuwa na jukwaa la mbao kando ya mota, na juu ya jukwaa palikuwa na usukani mdogo wa mkono wa kuongeza na kupunguza mwendo. Shemeji alisimama hapo. Hakuwa mtu wa ajabu, wala sitaki kumpamba. Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye sauti nzuri ya kuimba, mvivu kidogo wa kufua ovaroli yake, na mtani sana. Aliweka usukani mahali pake asubuhi na hakuugusa tena mpaka aone sababu. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo.

Kisha ikaja mita.

Meneja wetu alikuwa na ofisi ya juu, yenye dirisha la kioo lililotazama yadi ya malori, si ukumbi wa mashine. Jambo hilo lilimkera. Alitaka kuona kila kitu akiwa ameketi. Kwa hiyo makao makuu Nairobi yalipomtuma fundi mmoja mwenye tai kumletea kifaa cha kusoma mwendo wa mkanda, alifurahi kama mtu aliyeletewa redio mpya. Siku hiyo tulinyweshwa soda wote.

Nitaeleza kifaa chenyewe, maana bila kukielewa huwezi kuelewa kilichotupata. Kwenye ekseli ya mota, upande ule unaovuta mkanda, fundi alifunga kisahani cha bati chenye mapengo kumi na mawili pembeni. Upande mmoja wa kisahani aliweka taa ndogo, na upande wa pili jicho la umeme. Kila pengo likipita, mwanga unapenya, jicho linatoa mpigo mmoja wa umeme, na mpigo huo unakimbia kwenye waya hadi kisanduku kilicho mezani kwa meneja. Ndani ya kisanduku mna kitu kama lango. Lango hufunguka kwa sekunde moja, mipigo inapita na kuhesabiwa, kisha lango linafungwa na hesabu inaandikwa kwa namba nyekundu. Halafu linafunguka tena. Basi.

Mipigo kumi na miwili ni mzunguko mmoja. Kwa hiyo mpigo mmoja ndani ya sekunde moja ni sawa na mizunguko mitano kwa dakika, na kisanduku kilizidisha kwa tano chenyewe ili meneja asiumize kichwa. Mota inapozunguka mbio, njia hiyo ni nzuri sana. Ukihesabu mipigo mia tatu, mpigo mmoja kukosekana si kitu. Lakini ekseli ile ya mkanda ilikuwa nzito na ya polepole, kama mizunguko ishirini na minne kwa dakika. Piga hesabu: ni mipigo minne na sehemu nane za kumi kila sekunde. Na hakuna sehemu ya mpigo. Ama umepita langoni ama haujapita. Kwa hiyo mota ikizunguka sawasawa kabisa, bila kutetereka hata chembe, sekunde moja lango litahesabu mitano, na nyingine mitano, na nyingine, na nyingine, kisha mara moja litahesabu minne. Meneja ataona ishirini na tano, ishirini na tano, ishirini na tano, ishirini na tano, halafu ishirini.

Fundi mwenye tai angefunga kisahani mkiani mwa mota, kabla gia hazijapunguza mwendo, kunakozunguka kwa kasi, angepata mipigo mamia. Lakini huko kulikuwa na feni na kifuniko chake, na kukifungua ni kazi ya nusu siku. Alifunga palipokuwa wazi, akanywa soda yake, akaondoka.

Siku ya pili tu meneja alishuka ngazi akiwa amekunja uso.

"Wewe," akamwambia shemeji, "kwa nini unapunguza spidi?"

"Mimi? Sijagusa kitu, mzee."

Meneja akasimama pale akitazama mkanda. Mkanda ulikuwa unapanda kama kawaida. Akarudi juu. Alipofika mezani, namba ikaanguka ishirini. Akashuka tena, mkanda uko sawa. Akapanda, ishirini. Watu wa ukumbini wakaanza kucheka chini kwa chini, na mimi nilicheka nao, kwa maana ilikuwa kichekesho mtu mnene vile kupanda na kushuka. Hatukujua kwamba kwa kila ngazi aliyopanda alikuwa anajenga jambo kichwani. Alikuwa anajiambia kwamba huyu mtu hungoja nimpe mgongo.

Wiki hiyo akatoa neno lake waziwazi mbele ya wote. Alisema kuna watu wanaovuta kazi makusudi ili siku iishe pamba ikiwa bado imejaa yadi, walipwe saa za ziada. Hakutaja jina. Alimtazama shemeji.

Nilikwenda ofisini kwake mwenyewe. Nilivua kofia, nikaomba kuketi, nikamwekea yale maelezo ya lango na mipigo kama nilivyoyaandika hapa. Nilimwambia kwamba kisanduku hicho hakina uwezo wa kuonyesha ishirini na nne. Kinajua ishirini, kinajua ishirini na tano, na kati ya hizo hakuna kitu.

Akanitazama kwa huruma.

"Kijana, hii kitu imetoka Nairobi. Imewekwa na mtu amesoma."

"Ndiyo mzee, lakini amehesabu kwa sekunde moja, na mota yetu ni ya polepole."

"Na huyo ni shemeji yako."

"Ni shemeji yangu."

"Basi."

Neno hilo moja tu. Lilinichoma, kwa sababu nilijua kwamba tangu hapo hata nikisema jua linatoka mashariki, litakuwa jua la shemeji yangu.

Nikaona nitengeneze kitu cha kumfunga mdomo. Njia ya pili ya kupima mwendo huo haihesabu mipigo hata kidogo. Unapima muda. Pengo moja linapofika mbele ya jicho, saa ya elektroniki inaanza kudunda, mara elfu moja kwa sekunde. Pengo linalofuata likifika, saa inasimama. Ukiwa na mota ya polepole, muda huo ni mrefu, na saa hudunda mara mia mbili na kitu kabla ya kusimama. Ukikosea dundo moja kati ya mia mbili, umekosea kidogo mno. Njia hiyo ina taabu yake mota inapokimbia sana, kwa sababu muda unakuwa mfupi na saa haipati nafasi ya kudunda, lakini sisi hatukuwa na mota ya kukimbia. Nilinunua vipande Nairobi, kwenye vile vibanda vya redio mbovu, nikaviunga juu ya ubao jikoni kwa dada yangu huku yeye akinung'unika kwamba risasi ya kuchomelea inanuka na itaingia kwenye isyo, pure yake ya mahindi na maharagwe.

"Hicho kitaokoa baba watoto?" aliniuliza siku moja, ameshika mwiko.

"Kitaonyesha mota haitetereki."

"Sikuuliza mota."

Nilipomaliza, nilikijaribu kwa mipigo niliyoitengeneza mwenyewe mezani, kikasoma vizuri. Nikakibeba kazini nikitaka kukijaribu taratibu kwenye kisahani chenyewe, siku mbili tatu, kabla ya kumwita mtu. Lakini asubuhi hiyo kulikuwa na ofisa wa makao makuu, na meneja alikuwa amemsimulia habari ya mtu wa mkanda. Mtu mmoja wa stoo akaropoka kwamba fundi ana mashine yake ya kupinga mita. Meneja akaniita mbele ya ofisa.

"Lete hapa. Unganisha sasa."

"Mzee, naomba mpaka jioni. Sijaijaribu kwenye mota."

"Ama ni ya kweli ama si ya kweli. Unganisha."

Nikaunganisha. Shemeji alikuwa juu ya jukwaa, ameambiwa asiguse chochote, na mikono yake ilikuwa mifukoni mwa ovaroli. Kifaa changu kilikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, kinapima muda wa pengo moja hadi linalofuata na kukuandikia. Ofisa akabonyeza. Mia na tisini. Akabonyeza tena. Mia mbili thelathini na moja. Tena. Mia mbili na mbili. Tena. Mia mbili na kumi na tisa. Nilikuwa nimeandaa kikaratasi cha kugeuza muda kuwa mizunguko, na ofisa alikisoma kwa sauti: ishirini na sita na kitu, ishirini na moja na kitu, ishirini na nne na kitu, ishirini na mbili na kitu. Nilitazama mkanda, ulikuwa unapanda bila wasiwasi. Nilitazama namba, zilikuwa zinaruka kama panzi.

Meneja hakupiga kelele. Alicheka tu, akamgeukia ofisa.

"Umeona? Hata mashine ya shemeji yake inasema anatingisha."

"Mikono iko mfukoni!" nikasema.

"Ya nini kubishana na macho?" akasema ofisa. Akatazama saa yake, akaenda kunywa chai.

Jioni hiyo shemeji alilipwa siku zake akaambiwa asirudi. Sababu waliyompa ni kuchezea mashine. Kwa neno hilo hakuna kiwanda kingine kingemgusa.

Niliijua sababu ya zile namba siku iliyofuata, mkanda ulipokuwa umezimwa kwa chakula. Nilipanda kwenye mota na bikari ya shule, nikapima kisahani. Yule fundi mwenye tai hakuwa amekinunua popote. Kilikuwa bati lililokatwa kwa msumeno na tupa, na mapengo hayakulingana. Hapa yamekaribiana, pale yameachana, kama meno ya mtoto wa miaka saba. Lango la sekunde moja halikujali jambo hilo, kwa sababu lilihesabu tu yaliyopita. Lakini kifaa changu kilipima hatua ya pengo hadi pengo, na kila hatua ilikuwa na urefu wake. Kilikuwa kinapima ubaya wa kisahani kwa uaminifu mkubwa, na sisi tukasoma ubaya wa mtu.

Dawa yake ilikuwa rahisi hata kuniudhi. Unaacha kupima kutoka pengo hadi jirani yake. Unalichagua pengo moja, unapita kumi na moja mengine, unangoja lile lile lirudi. Mzunguko mzima. Kisahani kibaya namna gani, pengo haliwezi kuachana na lenyewe. Niliongeza kipande kimoja cha kuhesabu hadi kumi na mbili, na namba zikatulia palepale: elfu mbili mia tano, elfu mbili mia tano na moja, elfu mbili mia nne tisini na tisa. Sekunde mbili na nusu kwa mzunguko. Ishirini na nne kwa dakika, asubuhi na jioni. Kama ningepewa ile siku moja niliyoomba, ofisa angeona hizo.

Lakini wakati mimi nahangaika na bikari, habari ilikuwa imefika kanisani.

Hapa lazima nieleze kanisa letu. Meneja alikuwa mzee wa kanisa, na shemeji alikuwa kiongozi wa kwaya, kanisa hilo hilo, la mabati, lisilo na dari. Kwetu mtu akisemwa kwa kosa, hawekwi nje moja kwa moja. Anawekwa kando. Anakaa benchi la nyuma, haimbi mbele, hashiriki meza ya Bwana, na mambo ya nyumba yake hayafanywi madhabahuni, mpaka asimame siku ya Jumapili akiri na kutubu mbele ya watu wote. Akishatubu, yamekwisha, hakuna anayemkumbusha tena. Wazee wanaona ni huruma. Kwa mtu aliyekosa ni huruma kweli.

Shemeji akawekwa kando. Na binti yake wa kwanza alikuwa amechumbiwa, mahari imeshazungumzwa, watu wa upande wa pili ni waumini wakali wa Kitui, na harusi ilikuwa iandikwe kanisani mwezi uliofuata. Wazee wakasema wataiandika baba akishatengeneza mambo yake.

"Nitengeneze nini?" aliniuliza, tumekaa nje ya nyumba yake. Hakuwa na utani tena. "Muthoni wakwa, shemeji yangu, niambie wewe umesoma. Nitubu nini?"

Nikamwambia angoje, sasa nina namba zinazotulia. Nitamwonyesha meneja, meneja atawaambia wazee, mambo yataisha. Niliamini hivyo kabisa.

Nikapanda ngazi na kifaa changu kwapani. Meneja alinikaribisha vizuri sana, jambo ambalo lilipaswa kunitia shaka. Nikamweleza kisahani, mapengo, mzunguko mzima. Akatikisa kichwa kama mwalimu anayemsikiliza mtoto.

"Sasa mkanda umetulia?"

"Umetulia. Haujawahi kutotulia."

"Mimi pia nimeona. Tangu huyo mtu aondoke, umetulia. Tazama."

Akaigeuza mita yake inielekee. Iliandika 24.0. Tukangoja. Ikaandika 24.0 tena.

Mita ile haikuwa na uwezo wa kuandika ishirini na nne. Nilikuwa nimemwambia hivyo kwenye kiti kile kile. Nikamwuliza ni nani ameigusa. Akasema hakuna, ila yule fundi wa Nairobi, alipita siku moja baada ya shemeji kuachishwa kazi, kuisafisha tu, akakaa dakika chache. Nikaomba ruhusa, nikageuza kisanduku nyuma. Palikuwa na swichi ndogo yenye alama mbili, moja na kumi. Ilikuwa kwenye kumi.

Yule mwenye tai alikuwa amejua. Ofisa alipomweleza kwamba namba inarukaruka, alijua mara moja kosa ni lake, akaja, akalipanua lango kutoka sekunde moja hadi kumi, akanywa chai, akaondoka bila neno. Katika sekunde kumi hupita mipigo arobaini na minane, na kila mpigo sasa ni nusu mzunguko tu kwa dakika. Ukikosekana mmoja, utaona ishirini na tatu na nusu, hutaona ishirini. Utangoja sekunde kumi kupata habari, lakini habari itakuwa shwari. Na kwa kuwa aliigeuza siku moja tu baada ya mtu kufukuzwa, meneja aliona mkono wa Mungu.

Nikamwambia: "Mzee, naomba umwite aliye kwenye mkanda aje hapa."

Aliyewekwa pale alikuwa mtu wa stoo, yule yule aliyeropoka. Alikuja akipangusa mikono, akadhani anafukuzwa. Jukwaa likabaki tupu. Mkanda ukaendelea kupanda peke yake, tuliusikia chini. Nikarudisha swichi kwenye moja.

Ishirini na tano. Ishirini na tano. Ishirini na tano. Ishirini. Ishirini na tano.

Watu watatu ofisini, hakuna mtu kwenye usukani, na namba inaanguka vilevile kama siku zile. Meneja alitazama kwa muda mrefu. Alimtazama mtu wa stoo, akatazama mikono yake, akatazama mita. Nilimwona akielewa. Hilo ndilo nataka lijulikane. Sio kwamba alikuwa mjinga, wala sio kwamba nilimweleza vibaya. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akamwambia mtu wa stoo arudi kazini.

"Kwa hiyo hata mimi ningesimama pale," akasema taratibu, "ingeanguka."

"Hata wewe, mzee."

Akasema, "Rudisha kumi."

Nikairudisha. Mimi mjinga nilidhani anataka kuanza upya kwa utulivu.

"Na shemeji?"

"Nairobi wameshafunga hiyo maneno."

"Basi kanisani. Sema kanisani tu. Kazi iache, atalima. Useme tu ulikosea."

Alipanga kalamu zake mezani moja baada ya nyingine, kisha akaniangalia usoni, na lazima nikiri alisema kweli.

"Nikisema nilikosea na mita, kesho nikimwambia mtu hapa amechelewa, ataniuliza saa yangu inahesabu namna gani. Nenda kazini."

Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake. Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Jioni alituma mtu kuniambia kifaa changu ni kizuri, kifungwe kwenye mkanda, na kilifungwa, na kilifanya kazi miaka yote niliyokaa pale. Kila mgeni aliyekuja alionyeshwa.

Nilikwenda kwa wazee wengine wawili. Niliwaeleza mapengo na lango. Mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole kama meneja mwenyewe amesema hivyo. Nikasema hajasema. Akanishika bega akaniambia tuombe. Nilitaka kumuuliza tuombe nini, hesabu ya tano mara nne na sehemu nane? Nilinyamaza kwa ajili ya dada yangu.

Dada yangu ndiye aliyelikata jambo. Watu wa Kitui walikuwa wametuma mtu kuuliza kama kuna tatizo, na binti alikuwa halali usingizi. Dada alimwambia mumewe maneno machache tu, mbele yangu.

"Baba, mimi najua hukufanya. Watoto wanajua. Simama useme, tumwoze mtoto."

"Niseme uongo madhabahuni?"

"Utamwambia Mungu baadaye. Yeye anajua kuhesabu."

Jumapili iliyofuata nilikuwa benchi la tatu kutoka nyuma. Shemeji alivaa koti lake la kwaya, nadhani kwa ukaidi. Alipoitwa alitembea mbele polepole, akashika mimbari, na ile sauti yake nzuri haikutoka. Ilibidi aanze mara mbili. Akasema kwamba akiwa kazini aliupunguza mwendo wa mkanda mara nyingi, kwa makusudi, kila bosi wake alipompa mgongo. Akaeleza hata namna alivyofanya, anageuza usukani kidogo, anangoja, anaurudisha. Nilishangaa alivyoweza kueleza vizuri kitu ambacho hakikutokea. Akaomba msamaha kwa Mungu, kwa kanisa, na kwa wenye pamba waliongoja kwenye foleni. Kuna mwanamke wa Ikutha alisema amina kwa nguvu, nadhani alikuwa amengoja foleni.

Nilikuwa namtazama meneja. Alikuwa benchi la wazee, ameinamisha kichwa, na kwa dakika hizo niliamini kwamba hawezi, kwamba hakuna mtu anayeweza kuketi pale akajua anachokijua na akanyamaza. Shemeji alipomaliza, meneja akainuka.

Akatembea hadi mimbarini, akamshika shemeji mkono kwa mikono miwili, machozi ya kweli yakimtoka, akatugeukia sote akasema yeye amemsamehe.